Kidonge cha jioni: kifua kikuu na VVU gerezani Lubumbashi, na jinsi jamaa wanavyoweza kudai matibabu

Siku ya kutembelea wafungwa, kwenye barabara ya Kasapa, akina mama wanashuka na vibakuli vya bukari vilivyofungwa ndani ya kitenge. Ukiwauliza wamekuja kufanya nini, watakujibu kwamba wamemletea mtu chakula. Ni wachache watakaokuambia kwamba wamekuja kuhesabu vidonge. Nawaandikia hao wachache, na wale ambao wangejiunga nao kama mtu angewaeleza mapema kinachohesabiwa.

Gereza kuu la Kasapa lilijengwa mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji kwa watu wapatao 800. Kwa miaka mingi limebeba zaidi ya mara mbili ya hao, na kama ilivyo katika magereza mengi ya Kongo, wengi wa waliomo hawajahukumiwa. Faili zao bado ziko parke. Kifua kikuu, ambacho wengi wetu tunakiita tebese, hakitaki zaidi ya hapo. Mdudu wake anaruka hewani mtu anapokohoa, na katika chumba kilichofungwa tangu machweo hadi asubuhi, huku watu wamelala ubavu kwa ubavu, hewa ya mmoja ndiyo hewa ya wote. Mwenye virusi vya ukimwi yuko katika hatari ya kuugua tebese mara kumi na zaidi kuliko asiye navyo. Ndiyo sababu magonjwa haya mawili hukutana mara kwa mara ndani ya mwili mmoja, na mkutano huo ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu dawa zake zina mtego ambao hata baadhi ya waganga huuruka.

Tumchukue mtu wa mfano, niliyemuunga kutoka kwenye hali za watu mbalimbali. Ni fundi wa kuchomelea vyuma wa Katuba, ana miaka 34 na kilo 52. Ameishi na VVU kwa miaka minne akimeza kidonge kimoja kwa siku, kile kinachoandikwa TLD juu ya chupa, na alikuwa mzima kabisa. Anakamatwa kwa kesi ya fedha za mteja. Anakaa siku tano kwenye kasho, kisha anapelekwa gerezani. Anayemfuatilia ni dada yake mkubwa, ambaye yeye anamwita yaya, nami nitamwita hivyo hivyo.

Bahasha ya siku za kwanza

Kosa la kwanza hutokea kabla ya gereza. Chupa ya dawa imebaki nyumbani juu ya kabati. Kwenye kasho fundi wetu hawezi kusema anameza nini, kwa sababu wamelala watu tisa mle ndani na mmoja wao ni jirani wa mtaa. Akifika gerezani anaulizwa mbele ya foleni kama ana ugonjwa wowote, naye anajibu hapana. Kwa jibu hilo wiki tatu na zaidi zinapita bila dawa. TLD inasamehe siku moja au mbili, ila wiki tatu zinatosha virusi kuanza kuzaliana upya na kinga ya mwili kulegea.

Yaya angeweza kuzuia hilo kwa siku moja. Kila anayemeza dawa za VVU ana fishi kwenye kituo anachochukulia dawa, yenye namba yake, tarehe aliyoanza, dawa anazotumia na kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi. Unakwenda kwenye kituo hicho, unamweleza mwuguzi kwamba mgonjwa wake amefungwa, na unaomba karatasi ya kumhamishia au kumwelekeza kwa mganga wa gereza. Karatasi hiyo inaingia ndani ya bahasha inayofungwa kwa gundi. Juu yake unaandika jina la mfungwa na maneno "Kwa mganga wa gereza, siri ya matibabu". Hakuna sababu ya kumwambia askari wa getini kilichomo. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za watu wanaoishi na VVU, inalinda pia siri ya hali yao, na ukuta wa gereza hauiondoi.

Njia bora zaidi ni kumwomba mwuguzi wa kituo ampigie simu mwenzake wa gerezani. Wanafahamiana kwenye semina, wanasaidiana dawa zikiisha, na neno lao lina uzito ambao yaya hana. Chupa iliyobaki nyumbani nayo ipelekwe ikiwa katika hali yake ya asili, na karatasi ya dawa ndani yake. Vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti hutupwa getini, na kusema kweli askari anayevitupa huwezi kumlaumu sana.

Makohozi hayahitaji askari

Mwezi wa pili gerezani fundi anaanza kukohoa. Wengi wamefundishwa kwamba tebese hupimwa kikohozi kikifika wiki mbili. Kwa mtu mwenye VVU kipimo hicho ni cha kuchelewa. Kikohozi cha siku yoyote, homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, au kupungua uzito, moja tu kati ya hayo manne linatosha kuomba kipimo leo. Na mtu aliyedhoofika sana kwa VVU anaweza kuwa na tebese bila kikohozi kikubwa. Anakauka tu.

Hapa jamaa wengi wanagonga ukuta, kwa sababu wanaomba kitu kisicho sahihi. Wanaomba mgonjwa apelekwe hospitali. Ombi hilo linahitaji rapo ya mganga, saini ya direkta, mara nyingi na idhini ya majistra mwenye faili, askari wa kumsindikiza, gari, na mafuta ya gari, ambayo kwa kawaida familia ndiyo inayoulizwa. Wiki zinapita. Lakini kugundua tebese hakuhitaji mgonjwa atoke. Kunahitaji kijiko kimoja cha makohozi yake.

Makohozi yanatemewa kwenye kikopo chenye mfuniko, asubuhi, mahali pa wazi, kutoka kifuani kabisa na si mate ya mdomoni. Yanawekwa kwenye kiboksi chenye baridi na kupelekwa kwenye kituo cha kupima na kutibu kifua kikuu, kile ambacho mpango wa taifa unakiita CSDT. Huko mashine ya GeneXpert inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na jibu hilo lina sehemu mbili: kama mdudu wa tebese yupo, na kama anaikataa dawa iitwayo rifampisini. Sehemu ya pili ni muhimu sana gerezani, kwa sababu mtu mmoja mwenye tebese sugu akilala kwenye chumba cha watu mia anaweza kuisambaza kabla ya yeyote kujua. Kwa mgonjwa wa VVU aliyelemewa kiasi cha kushindwa kutoa makohozi, kuna pia kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, kijiti kidogo kinachosomeka bila umeme.

Kwa hiyo yaya abadilishe swali. Badala ya "Mtampeleka lini hospitali?" aulize: "Makohozi yake yalichukuliwa tarehe ngapi, yalipelekwa kituo gani, na jibu liko wapi?" Hayo maswali matatu hayana mafuta ya gari ndani yake. Nimeona mwuguzi aliyekuwa akijibu kwa mkato anabadilika sura akiyasikia, na si kwa hasira. Ni kwa sababu kwa mara ya kwanza kaombwa kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukifanya.

Dawa mbili zinapogongana

Jibu la fundi linarudi: mdudu yupo, rifampisini inafanya kazi. Anaanzishiwa matibabu ya miezi 6. Miezi 2 ya kwanza anameza kidonge kilichochanganya dawa nne, kwenye pakiti kimeandikwa RHZE: rifampisini, izoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata zinabaki mbili za kwanza, RH. Idadi ya vidonge inafuata uzito. Mwenye kilo 38 hadi 54 anameza vitatu kila asubuhi, na akifika 55 vinakuwa vinne. Fundi wetu sasa amebaki na kilo 47, kwa hiyo ni vitatu.

Dawa za VVU alizokuwa ameacha zinarudishwa ndani ya wiki mbili baada ya zile za tebese kuanza. Haziachwi hadi tebese ipone, kama bado wengine wanavyoamini. Isipokuwa tebese ikiwa imeingia kwenye utando wa ubongo, yaani kichwa kinauma vibaya na shingo imekakamaa, ndipo mganga husubiri wiki kadhaa zaidi. Na mtu akirudishiwa dawa anaweza kuonekana amezidiwa mwanzoni: homa inarudi, tezi zinavimba. Mara nyingi ni kinga ya mwili iliyoamka na kuanza kupigana na mdudu. Mganga aambiwe, lakini vidonge visiachwe.

Sasa mtego wenyewe. Ndani ya TLD kuna dawa tatu, na iliyo nguzo ni dolutegraviri, miligramu 50. Rifampisini, ile ile inayoua mdudu wa tebese, inalichochea ini kufanya kazi kwa kasi, na ini hilo linaivunja dolutegraviri na kuitoa mwilini kabla ya saa 24 kuisha. Mtu anameza TLD yake kila siku kwa uaminifu, lakini kufikia usiku kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka chini ya kinachohitajika. Virusi vinapata dirisha kila usiku kwa miezi sita.

Dawa ya mtego huo ni kidonge cha pili. TLD inamezwa asubuhi kama kawaida, na baada ya saa 12 hivi kinamezwa kidonge kimoja cha dolutegraviri pekee, miligramu 50. Hilo linaendelea muda wote wa matibabu ya tebese na wiki 2 zaidi baada ya kidonge cha mwisho cha rifampisini, kwa sababu ini halitulii siku hiyo hiyo. Ukipiga hesabu, miezi 6 ni siku 180 na ushee, ukiongeza siku 14 unapata karibu 196. Chupa ya dolutegraviri ina vidonge 30. Fundi anahitaji chupa 7, na yaya akiijua namba hiyo ameshajua zaidi ya wengi wanaosimama kwenye foleni ile.

Kwa nini kidonge hiki kinapotea gerezani kuliko nje? Sababu moja ni ya makaratasi. Dawa za tebese zinapitia mpango mmoja wa taifa, PNLT, na za VVU zinapitia mwingine, PNLS. Kila mmoja una daftari lake, oda yake na mtu wake wa kuja kukagua. Anayetoa RHZE hana dolutegraviri kwenye kabati lake, na anayetoa TLD anaweza asijue kwamba mgonjwa ameanza tebese. Sababu ya pili ni saa. Dispansere ya gereza inafanya kazi asubuhi, na jioni vyumba vimefungwa. Kidonge cha jioni hakina mtu wa kukitoa.

Kuna njia tatu, na hakuna iliyo kamili. Mgonjwa anaweza kupewa vidonge vya wiki akakaa navyo, jambo zuri kwa uhakika wa dozi lakini baya kwa siri, maana chumbani kila kitu kinaonekana na kidonge kinaweza kuibwa au kuuzwa. Au anayesimamia wafungwa, kapita, au mfungwa aliyefundishwa na dispansere, anapewa kazi ya kugawa dawa za jioni kwa wagonjwa wote wa magonjwa yote, ili kidonge cha fundi kifichike kati ya vidonge vya presha na vya kisukari. Au mganga anasogeza ratiba: TLD saa moja asubuhi, dolutegraviri saa kumi au kumi na moja jioni kabla ya kufunga. Si saa 12 kamili, lakini pengo lililokosewa kwa saa mbili tatu ni bora mno kuliko kidonge ambacho hakikumezwa. Mimi ningechagua hiyo ya tatu, kwa sababu haitegemei moyo wa mtu mwingine.

Jambo moja dogo hapa, kwa sababu linafanywa na watu wenye upendo. Jamaa huleta vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia. Madini ya chuma, kalisi na dawa za kutuliza asidi vikimezwa pamoja na dolutegraviri tumboni tupu, huikamata na kuizuia isiingie mwilini. Dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Vya chuma na kalisi vinaweza kumezwa nayo kwa pamoja ikiwa mtu anakula wakati huo huo, ila mwenye mlo mmoja wa vungule kwa siku hana uhakika wa saa ya kula.

Yaya anajuaje kama dawa zinamezwa?

Mazungumzo ya getini huenda hivi. "Papa munganga, ndugu yangu anapata dawa?" "Dawa iko, mama." Hapo wengi huondoka, ilhali neno "iko" halina maana yoyote. Iko kwenye kabati? Iko kwenye oda? Yaya aendelee kwa heshima ile ile: "Asante papa. Asubuhi anakunywa ngapi? Na jioni?" Jibu sahihi la kipindi cha kwanza ni vitatu na kimoja asubuhi, na kimoja jioni. Kotrimoksazoli, kidonge cheupe cha kuzuia maambukizi mengine, huongezwa kwa mwenye VVU anayeugua tebese, na izoniazidi kwa kawaida huandamana na vitamini B6 ili miguu isichomechome. Ila swali la jioni ndilo linalofichua.

Mgonjwa mwenyewe ana shahidi ambaye hasemi uongo, nao ni mkojo wake. Rifampisini inaugeuza rangi ya chungwa, karibu nyekundu, ndani ya saa chache. Yaya anaweza kumuuliza bila kutaja ugonjwa wowote mbele za watu: "Mkojo wako uko rangi gani siku hizi?" Ukirudi kuwa wa kawaida kwa siku mbili mfululizo, dawa imekatika, hata kama fishi ina alama kila siku. Lakini mkojo mweusi kama chai kavu pamoja na macho ya manjano ni jambo jingine kabisa. Hapo ini linaumia na mganga lazima aone siku hiyo hiyo. Macho yakianza kuona ukungu au kuchanganya rangi, ethambutoli ndiyo inayoshukiwa.

Kisha kuna kilo. Mtu anayetibiwa tebese ipasavyo huanza kurudisha uzito ndani ya mwezi mmoja au miwili, chakula kikiwepo. Na mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6 wa matibabu, makohozi hupimwa tena kwa darubini. Kama ya mwezi wa 2 bado yana mdudu, haimaanishi moja kwa moja kwamba dawa imeshindwa, lakini inadai swali: amemeza vidonge vyote, au amekosa siku? Yaya aandike tarehe hizo kwenye daftari la shule la kawaida, pamoja na kila alichoambiwa na aliyemwambia. Daftari hilo litakuwa na kazi baadaye.

Fedha pia zisemwe wazi. Dawa za tebese na za VVU hazilipwi Kongo. Yeyote anayeomba pesa kwa ajili ya vidonge vyenyewe aombwe risiti, na kwa kawaida bei hupotea ghafla. Usinunue RHZE sokoni kwa kudhani unasaidia. Huwezi kujua ilihifadhiwaje, na nusu ya dozi inalea mdudu sugu. Lakini upungufu wa kweli upo. Haut-Katanga ni miongoni mwa mikoa ambako fedha za Marekani zilibeba sehemu kubwa ya huduma za VVU, na Januari 2025 fedha hizo zilisimamishwa ghafla. Dawa ikikosekana kweli, ombi la yaya libadilike: "Naomba mniandikie kwamba hamna, na tarehe." Kwa karatasi hiyo kituo chake cha zamani cha Katuba kinaweza kumpa chupa kutoka akiba yake.

Barua, na inakokwenda

Ikiwa maswali ya mdomo yameshindwa kwa wiki moja, andika. Barua za ofisi hapa kwetu zinaandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mwalimu wa mtaa au avoka atasaidia, lakini mambo ya ndani yatoke kwa familia. Iwe ukurasa mmoja. Taja jina la mfungwa na tarehe aliyoingia. Taja tarehe tatu au nne kutoka kwenye daftari: lini alianza kukohoa, lini makohozi yalichukuliwa, lini dozi ilikatika. Omba kitu kimoja kinachoweza kufanyika, kwa mfano dozi ya jioni itolewe kabla ya vyumba kufungwa. Usitaje VVU. Andika "ugonjwa unaohitaji dawa mara mbili kwa siku bila kukatika", kwa sababu barua itapita mezani kwa makarani watano.

Sheria weka mistari miwili tu. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inasema kila aliyeshikiliwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na akili, na utu wake. Na Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka katika kanuni ya 24 kwamba mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile cha raia wa nje, bila malipo, na yasikatike, zikitaja VVU na kifua kikuu kwa majina. Kanuni ya 27 inaongeza kwamba uamuzi wa kitabibu ni wa mganga, na asiye mganga hawezi kuutengua. Hii ya mwisho ndiyo ya kutumia pale munganga ameshasema mgonjwa atoke lakini mtu wa ofisi anakataa.

Barua inaanza kwa direkta, nakala kwa mganga wa gereza. Peleka nakala mbili na uombe ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri haikuandikwa. Siku saba zikipita bila jibu, nakala yenye muhuri inakwenda parke, kwa majistra mwenye faili ikiwa mtu hajahukumiwa, na kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, ambayo sheria inairuhusu kutembelea magereza. Wasimamizi wa kifua kikuu wa mkoa nao wapewe nakala. Watu wanawasahau, ilhali hao ndio wanaopoteza alama kwenye ripoti zao mgonjwa akikatisha dozi, na wana sababu yao wenyewe ya kupiga simu.

Kwa ambaye hajahukumiwa kuna mlango mwingine. Amri ya kumweka ndani inadumu siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi mbele ya jaji. Kila nyongeza ni siku ambayo avoka anaweza kuweka mezani rapo ya mganga na kuomba liberte provizuari, yaani atoke akiwa na dhamana huku kesi ikiendelea. Ugonjwa peke yake haumlazimishi jaji kukubali. Rapo inayosema tu "ni mgonjwa" haina nguvu, lakini inayosema dozi gani imekosekana, tangu lini, na kwa nini gereza haliwezi kuitoa, hiyo inasomwa.

Siku ya kutoka

Dawa nyingi hukatika siku ya furaha. Jina linaitwa saa tisa alasiri, fundi anakusanya nguo zake, na kabla jua halijazama yuko Katuba akikumbatiwa. Fishi yake ya tebese imebaki dispansere na vidonge vya kesho vimebaki na fishi. Hali ni hiyo hiyo anayehamishwa asubuhi kwenda Buluwo, karibu na Likasi. Na Januari 2025, gereza la Munzenze la Goma lilipowaka moto na maelfu kutoroka vita vilipoingia mjini, waliokuwa kwenye matibabu walitoka na walichokuwa nacho mkononi tu.

Kwa hiyo yaya anaomba mapema, mwezi wa pili wa matibabu, nakala ya fishi: tarehe ya kuanza, uzito, majibu ya makohozi, dozi ya sasa. Anaiweka nyumbani ndani ya ile daftari. Akitoka ghafla, kesho yake asubuhi wanakwenda wote wawili CSDT ya mtaani na nakala hiyo, na dozi inaendelea ilipoishia badala ya kuanza moja upya. Kituo kikiona fishi kinaweza pia kuwachunguza watoto wa nyumba. Hasa wale wa chini ya miaka 5 hupewa dawa ya kinga.

Fundi wetu alitoka mwezi wa tano wa matibabu. Alimaliza RH akiwa nyumbani, kilo 57, na asubuhi aliyomeza vidonge vya mwisho alimkabidhi yaya chupa ya saba ya dolutegraviri akimwambia aipeleke kwa mwingine anayehitaji. Yaya aliimimina kwenye sahani, akatenga vidonge 14, akamrudishia.